Nyuzi Ngapi Hadi Ufa?

Chungu cha udongo huinjikwa juu ya mafiga miaka nenda miaka rudi. Chini kinalambwa na moto, ndani kina maji yasiyozidi nyuzi 100, na mchuzi ukikauka mpishi anamimina maji baridi bila wasiwasi. Lakini kata kipande cha chungu hicho ukivute kwenye mashine ya kupimia nguvu, kitakatika mapema, kwa kawaida hata kabla ya megapaskali 5. Bakuli la kioo la kuokea huvumilia kuvutwa mara nane au kumi zaidi ya hapo. Hata hivyo ni bakuli hilo ambalo, likitolewa ovenini na kuwekwa juu ya meza iliyolowa, hupasuka ukingo hadi ukingo kabla mpishi hajaachia mkono.

Inakuwaje kilicho dhaifu kikaishi na kilicho imara kikafa? Jibu lina hesabu ndani yake, na hesabu yenyewe ni fupi kiasi kwamba mtu anaweza kuifanya nyuma ya bahasha. Ila inajibu nusu tu ya swali, na nusu inayobaki ndiyo inayokieleza chungu.

Tuanze na kinachotokea ndani ya kioo. Kila kitu kikipata joto hutanuka na kikipoa hunywea. Kioo cha kawaida, kile cha madirisha, chupa na vyombo vingi vya nyumbani, kikipashwa nyuzi 100 hutanuka kwa milimita 0.9 kwa kila mita moja. Ni kidogo mno, na kama bakuli zima lingepoa kwa pamoja, polepole, pasingekuwa na tatizo lolote, kwa kuwa lingenywea lote kwa mpigo mmoja. Tatizo ni kwamba baridi huanzia nje. Uso uliogusa maji unataka kunywea sasa hivi, lakini umeshikamana na tumbo la kioo ambalo bado lina moto na halijasogea. Uso haupati nafasi ya kunywea, kwa hiyo unabaki umevutwa. Mvuto huo ndio unaopasua.

Hapa ndipo vyombo vya udongo, kaure na kioo vinapotofautiana na sufuria. Sufuria ya alumini ikivutwa hivyo itajinyoosha kidogo na mambo yataisha. Kioo hakina uwezo wa kujinyoosha. Kinaweza kukandamizwa kwa nguvu kubwa ajabu bila kuvunjika, lakini kikivutwa, mkwaruzo mdogo usioonekana kwa macho hufunguka na kukimbia. Ndiyo maana kupoza ghafla ni hatari kuliko kupasha ghafla. Ukipasha uso wa nje, uso huo unataka kutanuka na tumbo linauzuia, hivyo unakandamizwa, jambo ambalo kioo hulimudu. Ukiupoza, unavutwa.

Sasa twende kwenye hesabu. Tunahitaji kujua mambo manne kuhusu chombo chetu: nguvu yake ya kuvumilia kuvutwa, ukakamavu wake, yaani jinsi kinavyokataa kunyooshwa, kiwango chake cha kutanuka kwa kila nyuzi, na namba moja ndogo nitakayoieleza punde. Kwa kioo cha kawaida, ukakamavu ni megapaskali 70,000 hivi, na kila nyuzi moja hukitanua kwa sehemu 9 katika milioni. Zidisha hizo mbili, 70,000 mara 0.000009, upate 0.63. Maana yake ni kwamba kila nyuzi moja ya tofauti kati ya uso na tumbo inauvuta uso kwa megapaskali 0.63.

Ile namba ndogo inaingia hapa. Kitu kikivutwa upande mmoja husinyaa kidogo upande mwingine. Uso wa bakuli, hata hivyo, unavutwa kwa urefu na kwa upana kwa wakati mmoja, kwa hiyo haupati pa kusinyaa, na mkazo unapanda. Kwa kioo, kiwango cha kusinyaa ni 0.22, hivyo tunagawanya 0.63 kwa 0.78 na kupata megapaskali 0.8 kwa kila nyuzi. Megapaskali moja ni karibu sawa na uzito wa kilo 10 juu ya sentimita moja ya mraba, kwa hiyo tunazungumzia kilo 8 kwa kila sentimita ya mraba, kwa kila nyuzi moja.

Nguvu ya kioo kilichotumika kawaida jikoni tuichukue kuwa megapaskali 40. Gawanya 40 kwa 0.8 upate 50. Hiyo ndiyo tofauti ya nyuzi inayotosha kuanzisha ufa. Wahandisi huandika hesabu hii yote kwa mstari mmoja:

ΔT = σ(1 − ν) / (Eα)

σ ni nguvu ya kuvumilia kuvutwa, ν ni ile namba ya kusinyaa, E ni ukakamavu, na α ni kiwango cha kutanuka. Mwaka 1955 Mmarekani W. D. Kingery, mmoja wa waasisi wa sayansi ya kauri ya kisasa, alichapisha uchambuzi wa kipimo hiki na vinavyokizunguka, na hadi leo wanafunzi wa fani hiyo huanzia hapo.

Msomaji makini atauliza: kama nyuzi 50 zinatosha, mbona bakuli likitolewa ovenini likiwa na nyuzi 180 na kuachwa lipoe mezani penye nyuzi 28 halipasuki? Tofauti ni nyuzi 152, mara tatu ya kikomo chetu. Swali hilo ni la haki, na linafichua dhana tuliyoificha ndani ya fomula: tulichukulia kwamba uso umepoa papo hapo huku tumbo halijapoa hata kidogo. Hiyo ni hali mbaya kuliko zote, na hewa haiwezi kuileta. Hewa iliyotulia huchukua joto polepole mno, na kabla uso haujapoa nyuzi chache joto la ndani limeshafika nje na kusawazisha. Kwa ukuta wa kioo wa milimita 6, hewa hutoa chini ya mkazo mmoja kwa mia wa ule tuliokokotoa, na bakuli liko salama.

Maji ni habari nyingine. Yanaweza kunyonya joto mara mia kadhaa kuliko hewa tulivu, na kwa ukuta uleule wa milimita 6 hutoa takribani nusu ya ule mkazo wa hali mbaya kuliko zote. Kwa hiyo kikomo halisi ndani ya maji si nyuzi 50 bali karibu mara mbili yake, nyuzi 100 hivi. Bakuli la nyuzi 180 likitua kwenye maji ya nyuzi 28 limepita kikomo hicho kwa nyuzi 50 na ushei. Linapasuka. Kitambaa kilicholowa, meza ya zege yenye maji, hata kipande cha nyama iliyoganda kikitupwa ndani ya bakuli la moto, vyote hufanya kazi ya maji mahali vilipogusa.

Unene nao una usemi. Ukuta ukiwa mwembamba, tumbo liko karibu na uso na hupoa pamoja nao, hivyo tofauti haipati muda wa kukua. Ndiyo sababu glasi nyembamba ya chai huvumilia maji yanayochemka wakati ile nene yenye kitako kizito hutoa mlio na kuachia chini. Watu wengi hununua glasi nene wakiamini unene ni uimara. Ikiangushwa sakafuni, ndiyo. Ikimiminiwa chai ya moto, ni kinyume chake.

Kuna namba moja katika fomula ambayo haikai mahali pamoja, nayo ni ile 40. Nguvu ya kioo inategemea mikwaruzo iliyo usoni mwake. Sugua bakuli kwa steelwulu kwa miaka mitano na unaweza kuishusha hadi megapaskali 25. Rudia hesabu: kikomo cha majini kimeshuka kutoka nyuzi 100 hadi kama 60. Bakuli lililovumilia mshtuko uleule mara nyingi huko nyuma, leo linapasuka, na mwenye nalo anasema limepasuka bila sababu. Sababu ipo, imekuwa ikichorwa usoni siku baada ya siku.

Namba iliyobadilisha historia ya vyombo vya kuokea ni kiwango cha kutanuka. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Jena Ujerumani, Otto Schott alitengeneza kioo chenye madini ya boroni kinachotanuka kidogo kuliko kioo cha kawaida; aina yake inayotumika leo hutanuka kwa sehemu 3.3 tu katika milioni. Marekani nao walitengeneza kioo cha namna hiyo katika kampuni ya Corning, kwa ajili ya taa za reli na makopo ya betri. Mwaka 1913 Bessie Littleton, mke wa mwanafizikia Jesse Littleton wa kampuni hiyo, alioka keki ndani ya kitako cha kopo la betri kilichokatwa kwa msumeno, na keki ikatoka salama. Miaka miwili baadaye vyombo vya Paireksi vilikuwa madukani. Weka 3.3 kwenye hesabu yetu badala ya 9, na ukakamavu wa megapaskali 64,000: kila nyuzi sasa inavuta uso kwa megapaskali 0.26 tu, na kikomo kinapanda kutoka 50 hadi nyuzi 150. Majini ni kubwa zaidi ya hapo. Nguvu ya kioo haikuongezwa hata chembe, ila sababu ya kuvutwa ndiyo iliyopunguzwa.

Vyombo vingi vya oveni vinavyouzwa leo, hata hivyo, ni kioo cha kawaida kilichoimarishwa kiwandani kwa kupashwa hadi karibu kulainika, kisha kupulizwa hewa baridi pande zote. Uso wake hubaki umekandamizwa daima, na mvuto wowote lazima kwanza uumalize mkandamizo huo. Njia hiyo inafaa, ila kikizidiwa hulipuka vipande vidogo vingi kwa mpigo. Ukinunua, angalia maandishi ya kitako au ya boksi kama yanasema chombo kinavumilia tofauti ya nyuzi ngapi. Hiyo ndiyo namba ya maana, kuliko ile ya joto la juu kabisa la oveni.

Sasa turudi kwenye chungu. Tuchukue udongo wa kuchomwa wenye nguvu ya megapaskali 4, ukakamavu wa megapaskali 8,000, na kutanuka kwa sehemu 5.5 katika milioni. Hizi ni namba za mfano, kwa kuwa kila mfinyanzi na udongo wake, lakini haziko mbali na hali halisi. Zidisha, gawanya kwa 0.8, na utaona kila nyuzi inavuta kwa megapaskali 0.055. Nguvu ya 4 ikigawanywa kwa hiyo inatupa nyuzi 73.

Sabini na tatu! Chungu kinachokaa motoni kimepita hapo kitambo. Kwa mujibu wa fomula kilistahili kuwa magae siku ya kwanza. Na kwa kweli nyufa zinaanza siku ya kwanza. Fomula haikudanganya hata kidogo. Kitu isichokisema ni kwamba ufa ukishaanza utakwenda umbali gani.

Swali hilo la pili lilishughulikiwa na D. P. H. Hasselman, na mwaka 1969 aliliunganisha na lile la kwanza katika nadharia moja. Hoja yake ni kwamba ufa unahitaji nishati ili uendelee, na nishati pekee iliyopo ni ile iliyolimbikizwa ndani ya chombo kilipokuwa kinavutwa, kabla ya kupasuka. Chombo chenye nguvu nyingi hulimbikiza nyingi, kwa kuwa kimevumilia mvuto mrefu bila kuachia. Siku kinapoachia, nishati yote inamiminika kwenye ufa mmoja, nao unakimbia hadi ng'ambo. Kwa kioo chetu nishati hiyo ni karibu kilojuli 11 kwa kila mita ya ujazo. Kwa udongo wetu ni kilojuli 1. Ufa wa chungu unaanza mapema, ukiwa na posho ndogo, na unaishiwa baada ya milimita chache.

Tena njiani unakutana na vizuizi. Wafinyanzi wa sehemu nyingi duniani huchanganya udongo na mchanga au magae yaliyotwangwa, na chembe hizo ndizo zinazozuia. Ufa ukifika kwenye chembe ya gae hulazimika kupinda, kugawanyika au kukwama kwenye kitundu kilicho kando yake. Kwa hiyo chungu kilichotumika kimejaa nyufa fupi zisizohesabika ambazo hakuna hata mmoja uliofika popote. Nyufa hizo zinakifanya kiwe laini zaidi, ukakamavu unashuka, na mshtuko unaofuata unakivuta kidogo kuliko uliopita. Gharama yake ni kwamba kinavuja jasho na kikigongwa hutoa mlio mzito badala ya kulia kama kengele. Mimi naona hii ni moja ya kazi za kihandisi zilizotimia kabisa, na ilifanywa na watu waliokuwa na mikono, moto na muda wa kuangalia kipi kimedumu.

Matofali ya tanuri za chuma hutengenezwa kwa fikra hiyohiyo. Yakishtuliwa kwa joto, nguvu yake hupungua taratibu, kidogo kidogo. Alumina safi iliyoshindiliwa vizuri, yenye nguvu ya megapaskali 300, haioneshi badiliko lolote hadi tofauti ya majini ifike nyuzi 200 hivi, kisha nguvu inaporomoka ghafla na kubaki sehemu ndogo tu.

Mpaka hapa tumezungumzia chombo cha kitu kimoja. Vyombo vingi vina vitu viwili vilivyoshikamana, na hivyo vinaweza kupasuka hata vikipoa polepole kabisa. Sahani ya kaure ina mwili wa udongo na juu yake tabaka jembamba la kioo linalong'aa. Tabaka hilo huganda na kushikamana na mwili tanurini, tuseme kwenye nyuzi 600. Kuanzia hapo hadi joto la chumbani ni safari ya nyuzi 570 hivi, na viwili hivyo lazima vinywee pamoja. Ikiwa tabaka linanywea kwa sehemu 7.5 katika milioni na mwili kwa 6.5, tofauti ya sehemu 1 mara nyuzi 570 ni sehemu 570 katika milioni. Zidisha kwa ukakamavu wa kioo, 70,000, gawanya kwa 0.78, na tabaka limebaki limevutwa kwa megapaskali 51. Linachanika na kuwa wavu wa nyufa nyembamba kama nywele. Sahani ikitoka tanurini safi na wavu ukajitokeza miezi kadhaa baadaye, mara nyingi ni mwili ulionyonya unyevu na kuvimba kidogo. Mtengenezaji hodari huchagua tabaka linalonywea kidogo kuliko mwili, ili libaki limekandamizwa. Akizidisha upande huo nao, tabaka hubanduka kama magamba kwenye kingo na vipini.

Jiko la mkaa lenye kauri ndani, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, lina ndoa ngumu zaidi: udongo ndani, bati nje. Chuma hutanuka kwa sehemu 12 katika milioni, zaidi ya mara mbili ya udongo, na mtu angetarajia bati liukimbie udongo. Lakini lazima tuzidishe kwa joto ambalo kila kimoja kinapata. Kauri ya upana wa sentimita 25 ikipanda wastani wa nyuzi 350 hutanuka milimita 0.48. Bati likipanda nyuzi 100 hutanuka milimita 0.30. Udongo ndio unaolisukuma bati. Ndiyo maana mafundi hujaza kati yake saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayobonyea na kuzuia joto. Saruji tupu, ngumu, haiachi nafasi ya kubonyea.

Nyufa za wima kwenye kauri ya jiko si msiba. Jiko linapowaka, ndani kuna moto zaidi kuliko nje, upande wa nje wa kauri unavutwa na kuchanika wima, na bati pamoja na saruji vinashikilia vipande mahali pake. Msiba ni kuzima mkaa kwa kumimina maji. Ukuta wa ndani wenye mamia ya nyuzi unanyweshwa maji kwa sekunde moja, sasa ndani ndiko kunakovutwa, na nyufa mpya zinakutana na zile za nje. Wiki chache za mtindo huo na vipande vinaanza kuanguka kwenye majivu. Mkaa unaobaki uondolewe kwa koleo, au ufunikwe majivu.

Anayetaka kujua kikomo cha vyombo anavyotengeneza hahitaji maabara kubwa. Achukue vipande kadhaa vya udongo uleule na unene uleule, avipashe ovenini kwa nusu saa hadi nyuzi 100, avitumbukize kwenye ndoo ya maji ya nyuzi 20, avikaushe, kisha apake wino na kuufuta. Wino hubaki ndani ya ufa. Vipande vipya vipashwe hadi nyuzi 120, vingine 140, na kuendelea. Kikomo kiko kati ya kundi la mwisho lililotoka safi na kundi la kwanza lililobaki na mistari. Vipande vya kundi moja havitakubaliana vyote, kwa sababu kila kimoja kina kasoro zake, kwa hiyo kikomo cha kuuzia kiwekwe chini ya kile kipande kilichoshindwa mapema zaidi.

Na chombo kikishapasuka, ufa wenyewe husema. Uliotokana na pigo huwa na mahali palipopondeka, nyufa zikitawanyika kutoka hapo. Uliotokana na joto huanza ukingoni, husimama wima dhidi ya ukingo huo, kisha hutangatanga kwa mikunjo laini bila alama ya kupondeka popote.